Sikio la Fundi wa Ndanai

Gari linapoanza kunguruma ghafla chini ya sakafu, madereva wengi hutamka neno moja: sailensa. Fundi mzuri wa ekzosti hakubali haraka hivyo. Namsifu kwa sababu huanza kazi kwa kuzitenganisha kelele, na mashine ya kuchomelea huiacha kando.

Chukua Probox ya abiria kwenye barabara ya Sotik kuelekea Ndanai na Gorgor. Inanguruma ikipanda mlima, na hapo hapo kitu kinagonga chini. Fundi anaiacha ipoe, anaweka mawe kwenye magurudumu na kuiinua juu ya stendi, maana jeki peke yake haiaminiki. Kisha anaipiga ekzosti ngumi za taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Bati la kukinga joto likilegea hutoa mlio mwembamba, na injini ikiwaka hulia kwenye mwendo fulani tu wa injini, kisha hunyamaza mafuta yakiongezwa. Bati hilo halibadilishi mngurumo wa moshi hata kidogo. Sailensa iliyovunjika vigawanyo vya ndani hugonga kwa sauti nzito, kana kwamba kuna jiwe ndani ya debe. Hapa, bati linalia na sailensa imenyamaza.

Sasa injini inawashwa ikiwa baridi, mahali pa wazi, na msaidizi anaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Bomba zima lingesukuma kitambaa au kuizima injini. Hili linavujisha moshi pembeni, na masizi meusi yameuzunguka ufa karibu na kiungio cha mbele ya sailensa. Ndio mngurumo.

Lakini kwa nini hapo? Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Safari fupi za sokoni hazilipi bomba nafasi ya kupata joto la kuyakausha yote, na kutu hula kutoka ndani. Bomba hilo dhaifu lilikuwa limebaki bila mpira mmoja wa kulining'iniza. Mpira ulikatika, bomba likashuka, kiungio kikapasuka, na kila shimo la barabara likalifanya bomba ligonge bati lililolegea. Chanzo kimoja, kelele mbili.

Kwa hiyo mpira mpya hutangulia. Kuchomelea kabla yake ni kuandaa nyufa nyingine. Fundi analichokoa bomba kwa bisibisi. Penye kutu laini anakata mpaka afikie chuma kinachostahimili, kwa kuwa kiraka juu ya kutu hutoboka tena upesi. Anachomoa waya wa betri kabla ya kuchomelea. Bati halitupi, kwa sababu linazuia joto lisifike sakafuni na kwenye nyasi kavu. Analibana kwa klipu ya chuma. Sailensa ya zamani inabaki mahali pake, na dereva anabaki na pesa ya sailensa mpya.