Lebo ya chai ya zambarau na hesabu ya mbunifu

Mteja akilifungua jalada la mbunifu wa kujitegemea, jicho lake huenda kwanza kwenye picha, kisha hushuka kwenye mstari ulio chini yake: "Baada ya lebo mpya, mauzo yalipanda kwa asilimia 75." Mstari huo nimeukuta mara nyingi, tarakimu zikibadilika tu. Mara nyingi hesabu yake ni sahihi. Kasoro iko kwenye neno "baada", ambalo msomaji hulisoma kama "kwa sababu ya".

Tuchukue kazi ya mfano pale Kabianga. Nimeitunga mwenyewe pamoja na idadi za mauzo, lakini mambo yaliyomo ni ya kila siku katika nchi ya chai. Kikundi cha wakulima kinauza chai ya zambarau katika pakiti za gramu 50. Ni ile aina ya TRFK 306, ambayo watafiti wa chai wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011. Lebo ya zamani ina tatizo moja: skana ya dukani haiisomi. Keshia anaigeuza pakiti, anaisogeza karibu, anairudisha nyuma, mwishowe anaandika tarakimu zote 13 kwa mkono huku foleni ikinuna. Mwenye duka amewaambia wakulima kwamba hali ikiendelea hivyo, hataagiza tena.

Chanzo kiko kwenye wino. Aliyechora lebo ya kwanza alitaka kila kitu kiwe zambarau, hata mistari ya msimbopau, na zambarau yake ilikuwa ile inayoelekea wekundu: majenta asilimia 90, samawati 30. Machoni mistari hiyo ni mizito. Lakini skana nyingi za kaunta humulika mwanga mwekundu, na majenta huurudisha mwanga huo karibu kama karatasi nyeupe inavyofanya. Samawati ndiyo inayoumeza, nayo hapa ni kidogo. Kwa hiyo skana inaona weupe kwenye mstari na weupe kwenye nafasi.

Namna ya kulijua hili kabla ya kuchapa ni rahisi. Fungua faili katika RGB, uitazame chaneli nyekundu peke yake. Mistari ikififia pale, itafifia kaunta. Wabunifu wengi hujaribu kwa simu, na simu huwadanganya, kwa kuwa kamera yake hutumia rangi zote na inaweza kuusoma vizuri msimbo ambao umeishinda skana ya dukani.

Tiba ni mistari ya wino mweusi peke yake juu ya eneo jeupe. Wino mmoja pia unaondoa hatari ya rangi kupishana mashinini na kingo za mistari kuwa na ukungu. Kisha kuna ukubwa. Msimbo wa EAN-13 katika kipimo chake cha kawaida una upana wa milimita 37.29 pamoja na nafasi tupu za pembeni, na hauruhusiwi kupunguzwa chini ya asilimia 80, yaani karibu milimita 30. Katika kipimo hicho kidogo, nafasi tupu ya kushoto ni kama milimita 2.9 na ya kulia 1.9. Hapo ndipo mbunifu mwenye haraka huchomeka ua la chai, na skana hukosa kujua msimbo unaanzia wapi.

Lebo imechapwa, pakiti ziko rafuni. Sasa mbunifu anakaa kuandika. Ana matokeo gani?

La kwanza liko karibu na mkono wake. Anachukua pakiti 20 za zamani na 20 mpya, anazipitisha kwenye skana ileile, kila moja mara moja tu, na kuandika zilizosomeka. Tuseme za zamani zilikuwa 6 na mpya 19. Hapa chanzo na matokeo vimefuatana bila mtu wa tatu kuingia kati, kwani duka, skana na chai ni vilevile. Hata hivyo aandike "19 kati ya 20", asiandike "asilimia 95". Alama ya asilimia humfanya msomaji adhani kulikuwa na pakiti elfu.

La pili ni mauzo, na hapo ndipo ulimi huteleza. Tuseme duka lililo karibu na Chuo Kikuu cha Kabianga liliuza pakiti 40 mwezi mmoja kabla ya lebo, na 70 mwezi mmoja baadaye. Ni kweli, ongezeko ni asilimia 75. Lakini lebo iliingia chuo kilipofunguliwa, wazazi na wageni wakiwa njiani, na bonasi ya majani, ambayo kwa kawaida hulipwa karibu na Oktoba, ikiwa imeanza kuingia mifukoni. Wakati kama huo hata sukari huuzika.

Dawa yake ni kuacha duka moja likiendelea na lebo ya zamani kwa mwezi uleule, jambo linalowezekana kwa sababu pakiti za zamani huwa bado zimejaa stoo. Tuseme duka hilo, la ukubwa sawa na kwenye barabara hiyohiyo, lilitoka 40 likafika 62. Basi msimu peke yake umeleta pakiti 22. Kinachoweza kuhusishwa na lebo ni pakiti 8, si 30. Na hata hizo 8 ni za maduka mawili kwa mwezi mmoja. Jirani mmoja kufanya harusi kungetosha kuzileta. Mimi ningeziandika, kisha nisijenge juu yake dai lolote.

Maandishi ya jalada yangekuwa hivi:

"Lebo ya pakiti ya gramu 50, chai ya zambarau. Tatizo: msimbopau haukusomeka kaunta. Nilibadilisha rangi, ukubwa na mahali pa msimbo, nikapanga upya maandishi. Nembo ya kikundi ni ya zamani, sikuichora mimi. Jaribio: skana moja, duka moja; zilizosomeka mara ya kwanza ni 19 kati ya 20, awali 6 kati ya 20. Mauzo yalipanda mwezi huo, lakini yalipanda pia katika duka lililobaki na lebo ya zamani (pakiti 30 kwa 22). Takwimu zimetolewa kwa idhini ya kikundi."

Sentensi ya nembo watu huiruka, nayo ndiyo ya kwanza kuzua ugomvi mteja mpya akiuliza nani alichora nini. Idhini nayo ipatikane kabla, kwa maandishi, maana mauzo ni siri ya kikundi. Picha iwe ya pakiti halisi iliyopigwa rafuni. Ile iliyotengenezwa kwenye kompyuta haionyeshi kama wino ulishika.

Jambo jingine ni lebo yenyewe. Chai hii inapata rangi yake kutokana na anthosiani, na kuna wateja watakaomtaka mbunifu aandike kwamba inaponya hili na lile. Akatae. Sheria ya Kenya ya vyakula na dawa, Sura ya 254, inakataza lebo inayopotosha, na jalada linaloonyesha lebo ya namna hiyo linamtangaza mbunifu kama mshiriki.

Wewe unayetafuta mbunifu, ukikutana na asilimia kubwa chini ya picha, muulize swali moja: duka ambalo halikubadilisha lebo liliuza ngapi mwezi huo?