Kahawa ya Jebena Huchujwa Motoni

Jebena ni chungu cha kahawa cha Ethiopia na Eritrea. Kina tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba, na mkono mrefu ulioungwa shingoni kwa juu na tumboni kwa chini. Unga wa kahawa huchemshwa humo humo pamoja na maji, wala hakuna chujio linaloutenga. Hata hivyo, mpishi stadi hujaza vikombe sita mfululizo na mashapo yote yakabaki chunguni. Watazamaji huusifu mkono wake unapomimina. Mkono huo unastahili sifa, lakini wenyewe humalizia tu. Sehemu kubwa ya kazi ya kutenga mashapo hufanyika chungu kikiwa bado juu ya makaa.

Tuchukue jebena ndogo inayotiwa maji nusu lita, yaani mililita 500, na gramu 40 za kahawa iliyokaangwa siku hiyo hiyo na kutwangwa kinuni. Jambo la kwanza ni ukubwa wa chembe. Chembe ikiwa na nusu ya upana wa mwenzake, huzama kwa robo ya mwendo wake. Maana yake, kahawa ambayo ingetulia kwa dakika moja itahitaji dakika nne ikitwangwa laini kiasi hicho. Kwa hiyo mchi husimamishwa mapema, wakati unga bado unakwaruza kidogo ukiusugua kati ya vidole. Kahawa iliyosagwa kama poda inafaa vyombo vingine, si hiki.

Maji huchemshwa kwanza yakiwa peke yake, na yasifike shingoni. Kisha chungu huteremshwa, unga ukatiwa kidogo kidogo kwa kutumia kikeka au karatasi iliyokunjwa. Kahawa iliyotoka kikaangoni si muda mrefu bado ina gesi ndani yake. Ikikutana na maji moto, gesi hutoka kwa nguvu na povu hupanda. Mpishi husubiri povu hilo lishuke ndipo arudishe chungu jikoni. Akiharakisha, gesi na mvuke vitasukumana pamoja, na kahawa itafurika kabla hajaunyoosha mkono.

Hapo ndipo moto unapohitaji akili. Makaa yawe yameshika sawasawa na kuanza kuvaa majivu, bila ndimi za moto. Udongo hupokea joto polepole na kuliachia polepole pia. Sufuria ya bati ukiiepua, mchemko hukatika karibu papo hapo, lakini jebena huendelea kusukuma povu kwa muda hata ikiwa imekwisha kutoka jikoni. Basi anayesubiri povu lifike mdomoni amechelewa. Chungu huepuliwa povu likiwa nusu ya shingo.

Shingo yenyewe ndiyo kipimo. Tumbo likiwa na upana wa sentimita 12 na shingo sentimita 3, eneo la shingo ni moja ya kumi na sita ya eneo la tumbo. Povu la nusu sentimita tu tumboni, likisukumwa shingoni, linakuwa nguzo ya sentimita 8. Ndiyo maana mpishi huona mabadiliko madogo ya joto mapema kuliko ambavyo angeyaona katika chombo cha mdomo mpana. Hutazama pia sura ya povu: likiwa zito na la kahawia iliyoiva, mambo ni mazuri. Mapovu makubwa meupe yanayopasuka ni dalili kwamba maji yanachemka kwa fujo.

Fujo hiyo ndiyo adui wa kikombe safi. Mapovu yanayotoka chini huinua unga uliokwisha kuzama, na chembe hugongana na kumegeka zikawa ndogo zaidi, ndogo kiasi cha kutozama upesi. Ladha nayo huharibika, ikawa chungu na ya kukausha ulimi. Nchini Eritrea wana njia nzuri ya kuizuia: kahawa ikipanda shingoni, sehemu yake humiminwa katika chombo kingine ipoe, kisha hurudishwa chunguni na kuachwa ipande tena. Kila mzunguko hushusha joto na kuiondolea kahawa gesi, na chembe isiyo na gesi huzama.

Msomaji wa pwani aangalie jambo moja. Addis Ababa na Asmara ziko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Mombasa au Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mchemko unaovumilika nyanda za juu unaweza kuiunguza kahawa pwani. Huku chini, iache ipande mara mbili, uiepue kila mara, na usiiache itokote.

Baada ya moto, jebena huwekwa juu ya kata ya nyasi, ikiegemea kidogo. Iachwe dakika nne au tano bila kuguswa wala kutikiswa. Hapa ule ubishi wa udongo unageuka kuwa faida, kwa sababu kahawa hutulia bila kupoa upesi. Mashapo hukusanyika tumboni, na bega la chungu, pale tumbo linapobana kuingia shingoni, huyazuia yasifuate kinywaji. Wengine huziba mdomo kwa singa za farasi. Singa hizo hunasa vipande vinavyoelea, lakini haziwezi kuzuia vumbi laini lililotibuliwa na moto mkali.

Vikombe vya sini hupangwa vikigusana kwenye sinia. Chungu huinamishwa taratibu, kikiwa kama sentimita 30 juu ya vikombe, na kahawa hutoka kwa uzi mwembamba unaopita kikombe hadi kikombe bila kukatika. Matone huanguka kwenye sinia, na hilo limekubaliwa kwa makusudi. Kila chungu kinaponyanyuliwa wima kati ya kikombe na kikombe, kahawa hurudi nyuma kwa kasi na kuyatibua mashapo.

Tujumlishe. Gramu 40 za unga hushika kama mililita 80 za maji, zinabaki 420. Vikombe sita vya mililita 55 huchukua 330. Takriban mililita 90 hubaki juu ya mashapo, pungufu kidogo kwa yaliyokwenda na mvuke. Kiasi hicho hakipotei: huongezwa maji kwa duru ya pili na ya tatu.

Kikombe chenyewe hueleza kosa liko wapi. Mashapo yakiwemo tangu kikombe cha kwanza, kahawa ilichemshwa kwa fujo, ilitwangwa laini mno, au haikupewa muda wa kutulia. Yakitokea katikati, mkono ulisita. Yakitokea kikombe cha mwisho tu, ulikamua chungu kupita kiasi. Anza kusahihisha upande wa moto, kwa maana kahawa iliyotibuliwa jikoni haiokolewi na mkono wowote.