Penseli Juu ya Chati

Saa nane mchana, uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi: nyuzi 27. Msafiri akichungulia dirishani anaiona lami ya zaidi ya kilomita 4. Anayepiga hesabu za kuruka anaiwaza hewa. Uwanja uko futi 5,330 juu ya bahari, na kwa joto hilo hewa yake ina asilimia 79 tu ya uzito wa hewa ya kawaida ya pwani. Ndege ambayo pwani ingenyanyuka kwa kilomita 280 kwa saa, hapa itabidi ikimbie 315. Injini nazo zinavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo msukumo wake unapungua.

Sasa injini moja ikizima katikati ya mbio hizo? Kabla ya kasi iitwayo V1, rubani anafunga breki. Baada yake anaendelea na injini iliyobaki, na anapaswa kuwa futi 35 juu lami inapoisha. V1 ikiwa kubwa, kusimama kunahitaji lami nyingi. Ikiwa ndogo, kuendelea ndiko kunakohitaji. Ipo kasi moja ambayo mahitaji hayo mawili yanalingana, na lami inayotakiwa hapo ndiyo urefu linganifu wa uwanja.

Urefu huo huonekana vizuri zaidi kwenye chati ya karatasi. Unaweka penseli chini, penye joto, unapanda hadi mstari wa mwinuko wa uwanja, unageuka kulia hadi sehemu ya uzito, kisha unaifuata mistari ya mshazari. Hapo ndipo ninapopapenda. Mistari ya uzito haiendi sawasawa, inajipinda, kwa sababu uzito ukiongezeka asilimia 10, lami inayohitajika huongezeka kama moja ya tano. Joto huwezi kulipunguza, wala mwinuko. Unachoweza kupunguza ni mzigo, au ungoje usiku wa nyuzi 14. Na mara nyingine lami inatosha kabisa, lakini injini moja haiwezi kuipandisha ndege kwa mwinamo unaotakiwa. Hapo hata ukiongezewa kilomita, tani hazirudi.

Kompyuta hutoa jibu upesi, ila haikuonyeshi njia uliyopita. Melbourne, tarehe 20 Machi 2009, Airbus A340-500 iliyokuwa ikielekea Dubai iliingiziwa tani 262.9 badala ya 362.9. Msukumo na kasi vilivyotoka vilikuwa vya ndege nyepesi kwa tani 100. Mkono uliozoea chati ungeshtuka penseli ikiishia mahali pageni. Ndege iliburuza mkia, rubani akasukuma injini hadi mwisho, na ikanyanyuka ikiwa imeshaipita lami. Watu wote 275 walirudi chini salama.