Barua ya Salio la Ada

Karibu kila shule binafsi nchini Tanzania huandika barua moja ambayo hakuna anayeisifu. Mhasibu huinakili kutoka faili la mwaka juzi, mkuu wa shule huitia sahihi akiwa amesimama, na mzazi huikunja mara nne akaisahau mfukoni. Ni barua ya kumjulisha mzazi kiasi cha ada kilichobaki. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kwa hiyo barua hii imebaki kuwa mali ya shule binafsi. Huko mishahara ya walimu na gunia la maharage jikoni vinaitegemea. Mimi nimekaa miaka kadhaa katika ofisi za uhasibu za shule, na nathubutu kusema kwamba kuiandika vizuri ni ufundi kamili.

Tuchukue iliyozoeleka. Herufi zote kubwa, mstari chini ya kichwa cha habari, kisha: “Unakumbushwa kwa mara ya mwisho kulipa deni la Sh 470,000/= kabla ya tarehe 30. Ukishindwa, mwanafunzi hatapokelewa. Kama umeshalipa, puuza tangazo hili.” Mistari mitatu tu, na kila mmoja una lake. “Kwa mara ya mwisho” imeandikwa ingawa mzazi hajapata ya kwanza. Tarehe 30 haina mwezi. Na hilo neno “puuza” linamwambia mzazi aliyehangaika akalipa kwamba shule haikujisumbua kuangalia leja kabla ya kumwandikia.

Kosa kubwa zaidi limejificha ndani ya ile Sh 470,000. Inatokana na nini? Mzazi hawezi kujua, na asiyejua hawezi hata kubisha kwa adabu. Anachoweza ni kukaa kimya au kuja juu, na wahasibu wengi tumekutana na yote mawili dirishani.

Ndiyo maana ufundi unaanza kabla ya kalamu. Mhasibu anaichukua taarifa ya benki ya muhula mzima, anaiweka kando ya leja, na kupitia malipo moja baada ya jingine. Atakayofuatilia zaidi ni yale yaliyoingia bila mwenyewe. Kila shule inayo. Baba mdogo ametuma kwa simu yake, jina lililotokea ni lake, ukoo ni mwingine, kumbukumbu namba ya malipo hakuiandika. Fedha zipo benki, lakini hazijaingizwa kwa mwanafunzi yeyote, na huku mzazi anaandikiwa kwamba anadaiwa.

Katika mfano wetu mwanafunzi tumwite Neema, wa kidato cha pili. Ada ya mwaka ni Sh 1,600,000 kwa awamu nne za Sh 400,000: Januari, Aprili, Julai na Septemba. Kufikia katikati ya Juni awamu mbili zimeshafika, yaani Sh 800,000. Kuna Sh 70,000 zilizobaki mwaka jana, na mchango wa mitihani Sh 30,000. Jumla ni Sh 900,000. Leja inaonyesha malipo ya Sh 250,000 na Sh 180,000, na hapo ndipo ile Sh 470,000 ilipotoka. Lakini katika taarifa ya benki ipo Sh 100,000 ya tarehe 6 Mei, yenye jina la mtu asiyefahamika shuleni. Simu moja kwa mama yake Neema inatosha: ni shemeji yake, na risiti anayo. Barua ya zamani ingemdai mama huyu laki moja aliyokwisha kuitoa, na kuanzia siku hiyo asingeamini tena tarakimu yoyote inayotoka katika ofisi ile.

Sasa barua inaweza kuandikwa. Mimi huanza na kile ambacho mzazi amefanya, kwa kuwa ndicho anachokumbuka vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, na akikiona kimeandikwa sawasawa atasoma kinachofuata kwa utulivu:

“Ndugu Mzazi/Mlezi wa Neema, Kidato cha Pili. Tunakushukuru kwa malipo uliyoleta mwaka huu: Sh 250,000 tarehe 14 Januari, Sh 180,000 tarehe 22 Machi na Sh 100,000 tarehe 6 Mei. Jumla ni Sh 530,000. Hadi leo, tarehe 14 Juni, yaliyotakiwa kulipwa ni Sh 900,000: awamu mbili za ada Sh 800,000, salio la mwaka jana Sh 70,000, na mitihani Sh 30,000. Kwa hiyo kilichobaki ni Sh 370,000. Kama kuna malipo uliyofanya ambayo hayamo humu, tafadhali tupigie au tuletee risiti tuyaingize.”

Shukrani pale si mapambo, kwani imebeba tarehe na kiasi ambavyo mama Neema anaweza kuvilinganisha na risiti zilizo kwenye mkoba wake. Sentensi ya mwisho imechukua nafasi ya “puuza”, na imehamisha kazi ya kusahihisha kutoka kwa mzazi peke yake ikawa ya pande mbili. Aya ni fupi kiasi kwamba mtu aliyesimama kituo cha daladala anaimaliza kabla gari halijafika.

Inayofuata ni sehemu ambayo shule nyingi huiharibu kwa nia njema: mpangilio wa malipo. Mhasibu mwenye huruma huchukua Sh 370,000, akaigawa katika miezi mitatu, na kuona amemrahisishia mzazi. Amesahau Julai. Mwezi huohuo awamu ya tatu ya Sh 400,000 inafika, na juu yake kuna kipande cha salio, tuseme Sh 125,000. Mtu aliyeshindwa kukamilisha laki nne kwa wakati sasa anatakiwa kutoa Sh 525,000 kwa mkupuo. Mpangilio wa namna hiyo hufa mwezi wa kwanza, na lawama humwangukia mzazi kwamba ni mtu wa ahadi za uongo.

Dawa yake ni kuhesabu hadi mwisho wa mwaka. Salio Sh 370,000, awamu ya Julai Sh 400,000 na ya Septemba Sh 400,000 ni jumla ya Sh 1,170,000. Hiyo ndiyo tarakimu ya kugawa. Kwa mzazi mwenye mshahara, malipo matano ya Sh 234,000, tarehe 28 ya kila mwezi kuanzia Juni hadi Oktoba, yanamaliza kila kitu kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Sh 234,000 inaumiza, lakini ni ileile kila mwezi, na mtu anaweza kuipangia tangu mshahara haujaingia. Tarehe 28 nimeichagua kwa kuwa watumishi wengi huwa wameshalipwa. Tarehe 15, ambayo shule huipenda sijui kwa nini, humkuta mtu mfuko umeshakauka.

Mkulima wa mpunga wa Kilombero hana tarehe 28. Ana mavuno, na baada ya mavuno ana hesabu ya kungoja bei ipande kidogo. Kumwandikia malipo matano yanayolingana ni kumlazimisha auze gunia kwa hasara kila mwezi. Yeye anafaa kupewa njia nyingine: Sh 170,000 mwishoni mwa Juni, Sh 600,000 mwishoni mwa Agosti, Sh 400,000 mwishoni mwa Oktoba. Jumla ni ileile Sh 1,170,000. Hapa mhasibu lazima awe mkweli kwa mkuu wa shule pia, kwa sababu wakichagua wengi njia hii, Julai na Agosti jikoni kutakuwa na upungufu, na mwenye duka la nafaka hakopeshi bila mwisho. Idadi ya wanaopewa njia ya mavuno inaamuliwa na hali ya akaunti ya shule, na ni afadhali iamuliwe kabla barua hazijatoka.

Chini ya njia hizo mbili naacha nafasi ya tatu iliyo tupu: “Napendekeza kulipa Sh ……… tarehe ………”. Wapo wanaoogopa mzazi ataandika ajabu. Uzoefu wangu ni kwamba mtu akishika kalamu mwenyewe huwa mwangalifu kuliko anavyokuwa mdomoni, na ile njia aliyoiandika ndiyo anayoitetea nyumbani kwake.

Kuhusu adhabu, naandika ile tu ambayo shule itaitekeleza kweli. Wazazi huulizana. Kama mwaka jana mliandika “hatapokelewa” na watoto wote wakapokelewa, mwaka huu sentensi hiyo ni wino uliopotea. Badala yake nasema nani atampigia simu ikipita wiki moja bila malipo, na kwamba atakayepigiwa ni mzazi, mtoto hataitwa mbele ya wenzake.

Jambo hilo linagusa njia ya kuifikisha barua. Orodha ya wadaiwa iliyobandikwa ubao wa matangazo, au kutupwa katika kundi la Watsapu la wazazi wa darasa, ni aibu kwa familia, na kwa sasa hata sheria inatoa sababu ya kutulia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za mtu kama hizi. Bahasha iliyofungwa, au ujumbe kwa namba ya mzazi mwenyewe, inatosha. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160, na mtego wake ni mdogo: mtoto anayeitwa Ng’wandu, jina lake likinakiliwa kutoka kwenye barua iliyochapwa na ile alama iliyopinda, nafasi inashuka hadi herufi 70 na shule inalipia ujumbe mara mbili au tatu. Weka alama iliyonyooka.

Kabla ya kuichapa kwa wazazi wote, nampa nakala mtu ambaye hajui lolote la ofisi ile. Safari moja alikuwa mpishi wa shule, mama mwenye watoto wawili katika shule nyingine. Nilimwuliza anatakiwa kulipa nini, lini, na kwa namba ipi. Alijibu yote bila kurudia kusoma. Kisha akaniuliza, “Sasa mwalimu, siku ikifika nina laki moja na nusu tu, nije au nikae?” Barua haikuwa na jibu. Tukaongeza mstari mmoja juu ya sahihi: “Siku ya malipo ikifika na hujapata yote, leta ulichonacho siku hiyohiyo, utaje tarehe ya kuleta kilichobaki, nasi tutakuandikia salio jipya kwenye risiti.”