Paka wa shubaka na hila ya neno-ufunguo

Mwalimu mmoja wa shule ya upili aliniuliza majuzi iwapo ni halali kumfunza mwanafunzi msamiati kwa picha za kuchekesha. Mbinu aliyokuwa nayo akilini ni ile wanasaikolojia wanayoiita neno-ufunguo. Jibu langu ni kwamba ni halali, ila kwa Kiswahili ina mahali pake, na mahali hapo ni padogo kuliko wanavyodhani wanaoishabikia.

Asili yake kitaaluma ni kazi ya Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliyochapishwa mwaka 1975. Waliwafunza wazungumzaji wa Kiingereza maneno 120 ya Kirusi. Zvonok, kwa mfano, ni kengele. Mkia wa neno hilo unasikika kama jina la Kiingereza la mti wa mwaloni, basi mwanafunzi akaambiwa awaze mwaloni unaozaa kengele badala ya matunda. Waliotumia mbinu hii walikumbuka maana za asilimia 72 ya maneno, na wenzao wasioitumia asilimia 46. Wiki sita baadaye walikuwa 43 kwa 28. Pengo lilibaki, lakini waliotumia picha nao walikuwa wamesahau mengi.

Sasa tuje nyumbani. Chukua neno shubaka, yaani uwazi unaoachwa ukutani wa kuwekea taa au vyombo. Mtoto wa Kitale au Machakos hajawahi kulisikia. Hatua ya kwanza ni sauti: shubaka linafanana na mtu anayemfukuza mnyama, “Shu, paka!” Hatua ya pili ni picha: paka mnene amekwama ndani ya tundu la ukuta, mkia unaning'inia, taa imependuka, na mama anapiga kelele, “Shu, paka!” Mwanafunzi afumbe macho aione picha hiyo kwa sekunde chache, kisha aendelee na neno lingine.

Zingatia kwamba paka yumo ndani ya tundu. Ukimweka amelala sakafuni kando ya ukuta, kesho mwanafunzi atamkumbuka paka vizuri sana na atakwambia shubaka ni taa, au ni mkeka. Ukisikia jibu la aina hiyo, ujue picha ilikuwa na vitu viwili visivyogusana.

Hebu ligeuze swali. Mwonyeshe mchoro wa tundu lile ukutani, umwulize jina lake. Wengine watasema “shupaka”. Kutoka neno kwenda maana, ufunguo unafungua vizuri. Kutoka maana kwenda neno, unafungua nusu tu, kwa sababu kilichohifadhiwa ni paka, si sauti ya b. Dawa ni ya kizamani: alitamke neno lenyewe kwa sauti, aliandike, alitumie katika sentensi.

Halafu kuna suala la ngeli, ambalo wenzetu wa Stanford hawakuwa na haja ya kulihangaikia. Machela, kitanda cha kubebea wagonjwa, ni rahisi kulifungia picha: majeruhi amelazwa juu ya rundo la mchele, na mchele unamwagika njia nzima hadi hospitalini. Maana imekaa. Lakini mwanafunzi huyo huyo ataandika “machela haya yamevunjika”, kwa kuwa ameona ma- akadhani ni wingi. Picha haikumwambia kwamba tunasema machela hii imevunjika. Sentensi nzima ndiyo ingemwambia.

Ninapopinga kabisa ni kwenye maneno kama mbeleko. Mwalimu yule alinieleza kwamba hulifunza kwa ufunguo “mbele”. Jamani! Mbeleko ni nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Ufunguo unavuta mbele, maana iko nyuma. Isitoshe, neno hili halihitaji hila. Kubeleka ni kubeba mtoto mgongoni. Na kama funika inavyotupa mfuniko, beleka inatupa mbeleko. Mwanafunzi akiliona hilo amepata kitenzi, nomino na kanuni ya kuunda nyingine, ilhali picha ingempa neno moja, tena lililopinda.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta paka, mwalimu alichunguze neno. Likiwa na kitenzi ndani yake, alipasue hapo hapo ubaoni. Likiwa la mkopo kama shubaka na machela, lenye kitu cha kuonekana kwa macho, amlete paka na mchele. Likiwa la dhana isiyoshikika, kama ithibati au taswishi, picha itamtaabisha yeye na darasa lake; mifano mitatu ya matumizi itafika haraka zaidi. Na awaulize tena baada ya siku moja, kisha baada ya wiki, kwa pande zote mbili.