Kichwa cha Habari Kinachokua Bila Kuruka

Neno “watakaoshirikishwa” lina herufi 18, na kivinjari hulichukulia kama kitu kimoja kisichokatika. Mhariri akiliweka kwenye kichwa cha habari, tuseme “Wakulima watakaoshirikishwa katika mradi wa umwagiliaji”, kwenye kompyuta ya mezani litakaa raha mustarehe. Msomaji akiifungua habari hiyohiyo kwenye simu ndogo, neno linagonga ukingo wa skrini, silabi za mwisho zinatokeza nje, na ukurasa mzima unayumba kushoto na kulia kila kidole kinapougusa. Kiswahili hubeba mtendaji, wakati, urejeshi na kauli ndani ya kitenzi kimoja. Ndio uzuri wake, na ndio mtihani wa fundi anayesanifu vichwa vya habari vya tovuti.

Mchapaji wa enzi za herufi za risasi hakuwa na mtihani huu. Karatasi yake ilikuwa na upana mmoja, na herufi zake zilikaa kwenye saraka kwa saizi maalumu: hii ya 24, ile ya 36, nyingine ya 48. Alichagua, akapanga, akapaka wino. Msanifu wa tovuti hajui karatasi yake ina upana gani. Huyu anasoma kwenye simu yenye upana wa pikseli 320, yule kwenye kompyuta mpakato ya 1280, na wa tatu amegawa skrini nusu kwa nusu ili aandike barua pepe huku akisoma.

Mwezi Mei 2010, Ethan Marcotte aliandika makala ambayo ilibadilisha ufundi huu. Alipendekeza kurasa zinazojinyoosha na kujikunja kufuata skrini, na sheria za kubadilisha sura ya ukurasa kila upana unapovuka mpaka fulani. Mafundi wakazipokea sheria hizo, wakazitumia pia kwenye vichwa vya habari: chini ya pikseli 768 kichwa kiwe na 28, kuanzia 768 kiwe na 52. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ina kasoro inayoonekana kwa macho. Kwenye dirisha la 767 kichwa ni kidogo kama cha simu, huku nafasi kubwa ikibaki wazi pembeni. Ikiongezeka pikseli moja tu, kichwa kinaruka ghafla kuwa karibu maradufu, kwenye dirisha ambalo bado ni jembamba kwa ukubwa huo. Mtu mwenye tableti husoma hasa katika eneo hilo, ambako hakuna saizi iliyopimwa kwa ajili yake.

Kinachotakiwa ni mstari ulionyooka kati ya saizi mbili, na katika kuuchora mstari huo ndipo ufundi ulipo.

Kazi inaanzia kwenye neno refu zaidi, kabla ya hesabu yoyote. Skrini ya simu ina pikseli 320. Ukiacha 16 za pambizo kila upande, zinabaki 288. Katika fonti nene ya kawaida, herufi moja huchukua kwa wastani zaidi kidogo ya nusu ya saizi yake. Tukadirie asilimia 55. Kichwa kikiwa na saizi ya 32, herufi 18 zitahitaji takriban pikseli 317, na neno litatoka nje. Kikiwa na 28, zitahitaji kama 277, na neno litaingia kwa nafasi ndogo. Basi 28 ndiyo saizi ya chini, na lugha yenyewe ndiyo iliyoichagua. Fundi aliyejifunza kazi kwa mifano ya Kiingereza, yenye maneno ya herufi tano au sita, huweka 32 au 36 bila kuwaza, akaja kushtuka siku habari za kweli zinapoingia. Saizi ya juu haina shinikizo kama hilo. Kwenye dirisha la 1280, kichwa cha 52 kinasimama imara bila kuifunika picha iliyo chini yake.

Sasa mstari. Dirisha likikua kutoka 320 hadi 1280, limeongezeka pikseli 960. Kichwa kikikua kutoka 28 hadi 52, kimeongezeka 24. Gawanya 24 kwa 960, unapata 0.025, yaani asilimia 2.5 ya upana wa dirisha. Katika lugha ya CSS hiyo huandikwa `2.5vw`, kwa kuwa `vw` moja ni asilimia moja ya upana huo. Lakini asilimia 2.5 ya 320 ni 8 tu, nasi tunataka 28. Zinazopungua 20 ni kianzio, sehemu isiyobadilika ya jumla. Pikseli 20 ni sawa na `1.25rem`, maana `rem` moja ni saizi ya msingi ya maandishi katika kivinjari, ambayo kwa kawaida ni 16.

Kabla ya CSS kupata `clamp`, mstari huo ulihitaji kuzuiwa ncha zote mbili kwa sheria tatu tofauti. Mwaka 2016 Tim Brown aliipa mbinu hiyo jina zuri: aliifananisha na malango ya mfereji, yale yanayofunga maji mbele na nyuma ya mashua ili ipande polepole kutoka kina kimoja hadi kingine. Mashua ni saizi ya herufi, malango ni vipimo viwili vya dirisha. Mfano huo umeshika kiini cha jambo, kwa sababu ugumu haukuwa kuikuza herufi, ulikuwa kujua wapi pa kuizuia.

Kisha malango hayo mawili yakaingizwa ndani ya mstari mmoja. Kivinjari cha Kromu kilianza kuielewa `clamp` Desemba 2019, Safari Machi 2020, na Fayafoksi Aprili mwaka huohuo. Kichwa chetu kikaandikwa hivi:

```css
h1 {
  font-size: clamp(1.75rem, 1.25rem + 2.5vw, 3.25rem);
  line-height: 1.15;
}
```

Thamani ya kwanza ni sakafu, ya mwisho ni dari, ya katikati ni saizi inayotamaniwa. Kivinjari hukokotoa ya katikati. Ikipungua chini ya sakafu huipandisha, ikivuka dari huishusha. Kwenye simu ya 360 kichwa kinapata pikseli 29. Kwenye tableti ya 768, pale palipokuwa na mruko, kinapata 39.2, na pikseli moja kabla yake kilikuwa pungufu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Shika ukingo wa dirisha uuvute taratibu: kichwa kinajaa kama maji ya bamvua yanavyopanda ufukweni, bila hatua moja unayoweza kuinyooshea kidole.

Kuna kosa dogo linalowasumbua wengi. Alama ya kujumlisha lazima iwe na nafasi pande zote mbili. Ukiandika `1.25rem+2.5vw`, kivinjari kinaona namba mbili zilizosimama bega kwa bega bila tendo kati yake, na kinaitupa sheria nzima. Hakuna onyo linalomfikia msomaji. Kichwa kinarudi tu kwenye saizi iliyokuwapo awali. Dalili ni kwamba ukivuta dirisha hakibadiliki hata kidogo. Fundi akifungua zana za kukagua ukurasa, ataukuta mstari huo umekatwa kwa kistari.

Kosa zito zaidi halionekani kwa mtu mwenye macho mazima. Anayetaka wepesi huandika `font-size: 4vw` akaishia hapo. Msomaji mwenye uoni hafifu akibonyeza vitufe vya kukuza ukurasa, dirisha kwa hesabu ya kivinjari linakuwa jembamba kadiri ukurasa unavyokuzwa. Akikuza mara mbili, upana wa 1280 unahesabiwa kuwa 640. Asilimia 4 ya nusu ni nusu ya saizi, nayo ikikuzwa mara mbili inarudi palepale. Anabonyeza, aya zinakuwa kubwa, kichwa kimeganda. Anayetengeneza ukurasa wa namna hiyo amemfungia mtu mlango bila kujua, na kutojua huko hakumsaidii aliye nje.

Ndiyo maana `1.25rem` imewekwa katikati, na ndiyo maana sakafu ina umuhimu mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200. Tujaribu kichwa chetu kwenye dirisha la 1280, ambako kinaanza na 52. Ukurasa ukikuzwa mara mbili, hesabu inatoa 36, ambayo msomaji anaiona kama 72. Kimekua, ingawa hakijafika maradufu. Ukikuzwa mara nne, dirisha limekuwa la 320, kichwa kimetua kwenye sakafu ya 28, na 28 mara nne ni 112. Sasa kimezidi maradufu ya 52. Kimechelewa kufika, lakini kimefika.

Chukua sasa msanifu mwenye tamaa ya kishindo, aliyeweka sakafu ya 24 na dari ya 80. Vivinjari vingi vya kompyuta huishia kukuza mara tano. Hata huko mwisho, 24 mara tano ni 120, yaani mara moja na nusu tu ya 80. Msomaji hana mahali pengine pa kwenda. Hesabu hiyo inazaa kanuni rahisi: dari isizidi sakafu kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Yetu, 52 kwa 28, haifiki hata mara mbili.

Sakafu na dari zikiandikwa kwa `rem`, kuna faida nyingine. Mtu aliyebadilisha saizi ya msingi ya kivinjari chake kutoka 16 hadi 20 anapata sakafu ya 35 na dari ya 65, na malango yenyewe yanasogea: kichwa kinaanza kukua kwenye upana wa 400, kinakoma kwenye 1600. Mstari wote umehama kumfuata yeye. Zikiandikwa kwa pikseli, chaguo lake halifiki kwenye ncha hizo mbili.

Mpaka wa `vw` ni kwamba inaliona dirisha peke yake. Kichwa kilekile kikiwekwa kwenye safu nyembamba ya pembeni, yenye pikseli 320 ndani ya dirisha la 1280, kitachukua 52 kamili, na “watakaoshirikishwa” itahitaji zaidi ya pikseli 500 mahali penye 320. Tangu Februari 2023 vivinjari vyote vikuu vinaelewa kipimo cha `cqi`, ambacho ni asilimia moja ya upana wa kisanduku kinachobeba kichwa. Kisanduku hupewa `container-type: inline-size`, na kwenye mstari wa kichwa `2.5vw` inabadilishwa kuwa `2.5cqi`. Hesabu nyingine zote zinabaki kama zilivyo. Kwenye safu ya pembeni kichwa kinashuka hadi 28, kwenye safu kuu ya ukurasa uleule kinapanda kadiri nafasi inavyoruhusu, na neno la herufi 18 linaingia lote katika safu zote mbili.