Nguo Moja, Mstari Mmoja: Daftari la Oda za Laivu Kericho na Bomet

Muuzaji wa mitumba anayefungua laivu ya Facebook jioni, awe Litein, Sotik au Silibwet, hana kikapu cha kununulia ambacho mteja anaweza kubonyeza. Facebook iliwahi kuwa na huduma maalumu ya kuuza kwa laivu, ikaifunga tarehe 1 Oktoba 2022. Laivu za kawaida zilibaki, na ndani yake komenti ndiyo oda: mteja anaandika "yangu 23", muuzaji anasoma jina lake kwa sauti, na msaidizi aliyeketi pembeni anaandika kwenye daftari.

Kosa huanzia kwenye namna ya kuandika. Wengi huorodhesha komenti kadiri zinavyoingia: jina, kisha nguo, halafu jina linalofuata. Daftari la namna hiyo hukubali chochote. Nguo moja inaweza kuandikwa mara tatu bila mtu kugundua, na komenti iliyopita wakati msaidizi amegeuza ukurasa haiachi alama yoyote.

Majina nayo hayasaidii sana huku. Kwa Wakipsigis jina hufuata saa ya kuzaliwa: Chepkoech ni wa alfajiri, Chebet ni wa mchana, Cherotich ni wa saa ya ng'ombe kurudi nyumbani. Laivu yenye watazamaji mia moja inaweza kuwa na akina Chepkoech kadhaa. Vituo vya kununulia majani chai vya KTDA vilikwisha kutatua jambo hili: karani hapimi kilo kwa jina, anapima kwa namba ya mkulima, na risiti hutoka na namba hiyo. Muuzaji wa laivu anahitaji namba mbili za aina hiyo, moja ya nguo na nyingine ya mteja.

Ya nguo ndiyo yenye uzito zaidi. Kabla laivu haijaanza, kila nguo hubandikwa kikaratasi chenye namba, na daftari huchorwa mistari kwa namba hizo hizo, 1 hadi 40 kwa mfano, yote ikiwa mitupu. Mstari ni wa nguo, si wa komenti. Una nafasi ya mwenye oda, nafasi ya anayemfuata ikiwa wa kwanza atashindwa kulipa, nafasi ya msimbo wa M-Pesa na nafasi ya alama ya kufungwa mzigo. Kwa kuwa mtumba huwa ni kipande kimoja tu, nguo ya 23 haiwezi kuwa na mistari miwili. Bidhaa yenye vipande vingi, kama gambuti mpya, hupewa mstari kwa kila jozi: 31/1, 31/2, 31/3.

Tuchukue mfano wa sweta la mtoto la shilingi 350, namba 23. Saa 2:41 usiku Chepkoech mmoja anaandika "yangu 23". Mtandao wake unakatika, haoni komenti yake ikitokea, kwa hiyo anaandika tena. Dakika moja baadaye Chepkoech mwingine anaandika "23". Wa kwanza, akiwa bado na wasiwasi, anatuma picha ya sweta lile lile kwenye WhatsApp ya duka, ambako msaidizi wa pili ndiye anayejibu. Katika daftari la komenti hizo ni oda nne. Katika daftari la nguo ni mstari mmoja: Chepkoech wa kwanza na tarakimu nne za mwisho za simu yake, kisha wa pili kwenye foleni. Komenti ya marudio haina pa kuandikwa. Msaidizi wa WhatsApp haruhusiwi kuwa na daftari lake. Akipata ujumbe, anauliza namba ya nguo na kutazama mstari ule ule. Ukikuta duka lina madaftari mawili, hapo ndipo nguo moja inapouzwa kwa watu wawili, hata kama kila msaidizi ni makini.

Malipo ndiyo sehemu ngumu. Shilingi 350 zinaingia kwa jina la Kipkoech, kwa sababu mama ametumia simu ya mumewe, na usiku huo nguo kumi nyingine pia ni za 350. Jina halilingani na bei haitofautishi. Mwenye tili hupokea kiasi na jina, lakini tili haimpi mteja mahali pa kuandika analipia nini, na ujumbe wa malipo huenda usionyeshe namba yote ya simu. Paybill ina sehemu hiyo: mteja anapoulizwa "Account number" anaandika 23, na malipo yanafika yakiwa yameshika namba ya nguo. Kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kumfanya muuzaji wa laivu anayepokea malipo mengi kila usiku aulizie Paybill. Anayebaki na tili lazima amwombe kila mteja atume msimbo wa M-Pesa pamoja na namba ya nguo, kisha auhakikishe msimbo huo kwenye rekodi zake mwenyewe, kwa kuwa picha ya ujumbe inaweza kughushiwa. Msimbo una herufi na tarakimu kumi na haujirudii. Ukionekana kwenye mistari miwili, iwe ni mteja aliyelipia nguo mbili kwa pamoja na daftari liseme hivyo. Vinginevyo kuna mtu anautumia mara ya pili.

Laivu ikiisha zinafanywa hesabu tatu kabla mtu hajalala: mistari yenye msimbo, malipo yaliyoingia, na nguo zilizotengwa. Tuseme mistari ni 31, nguo ni 31, malipo ni 32. Namba 19 imelipiwa kwa misimbo miwili tofauti: mume na mke wamelipa kila mmoja bila kuambiana. Pesa za pili zinarudishwa usiku huo. Kama nguo zilizotengwa zingekuwa 30, oda iliyosahaulika isingesubiri mteja apige simu kulalamika, kwa maana kikaratasi chenye mstari uliolipiwa kingekuwa bado kinaning'inia kwenye henga. Kikaratasi kisibanduliwe mpaka nguo iingie kwenye mfuko wa matatu ya Bomet au Mulot. Ni katika kufunga ndipo namba ya simu inapochukua nafasi ya namba ya nguo, ili vitu vitatu vya mteja mmoja viende katika mfuko mmoja.

Wauzaji wakubwa wa Thailand, ambao wateja wao huandika "CF" na msimbo wa bidhaa, hutumia programu zinazovuta komenti moja kwa moja. Atakayejaribu hilo hapa aangalie kipimo kinachoitwa `comment_rate` katika mfumo wa Facebook. Kikiwekwa `one_per_two_seconds`, programu hupokea komenti moja tu kila sekunde mbili, na komenti zikimiminika nyingine hazifiki kabisa. Ziko pale kwenye video, lakini programu haikuziona. Kwa hiyo hata penye programu, mtu arudie komenti zote baada ya laivu, akichagua kuonyeshwa zote badala ya zile ambazo Facebook inaziona muhimu, na atazame mistari iliyobaki mitupu.

Kinachobaki bila jibu la daftari ni anayesema atalipa malipo ya majani yakiingia, na Oktoba ya bonasi ikikaribia husemwa sana. Mstari wake ukiachwa wazi, wa pili kwenye foleni anakosa nguo bure. Wengine hutoa dakika thelathini, wengine hadi saa nne asubuhi. Muda wowote unafaa mradi utangazwe kwenye laivu na saa iandikwe pembeni mwa jina, kwa sababu bila saa iliyoandikwa msaidizi hawezi kujua lini amwite wa pili.